Nilivyopanga maelezo ya picha za duka la vyakula kwa mwezi mzima

Duka la ami yangu lipo mtaa wa Langoni hapa Lamu, katika kichochoro ambacho punda akipita na mzigo, mteja aliye nje hana budi kuingia ndani ampishe. Tunauza mchele, unga, sukari, mafuta, nafaka, nazi na viungo. Kabla sijakabidhiwa kazi ya matangazo, picha ya bidhaa iliwekwa kwenye Facebook na kwenye stetasi ya WhatsApp siku ambayo mtu alikumbuka, na chini yake iliandikwa bei basi. Nilimwomba ami aniruhusu nipange maelezo ya mwezi mzima kabla mwezi wenyewe haujaingia, kwa sababu anayetafuta la kuandika huku wateja wamesimama kaunta ataandika bei tu, maana ndiyo iliyo karibu na ulimi.

Nilianza na jinsi fedha zinavyoingia mifukoni mwa wateja wetu, nikayaacha maneno yangoje. Walimu na watumishi wa serikali hununua vitu vya mwezi mara mshahara unapoingia, kwa hiyo wiki ya kwanza watu huulizia mchele kwa mfuko na mafuta kwa dumu. Katikati ya mwezi watu hao hao huja kununua robo kilo ya sukari. Wavuvi nao hawafuati tarehe. Wao hufuata bahari. Mwezi niliokuwa nikiupanga ulikuwa Julai, kusi imeshika, mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki wanapoadimika kila nyumba hutafuta kitoweo kingine. Nilipoyaandika hayo kwenye karatasi, mwezi ulijigawa wenyewe: wiki ya kwanza ya manunuzi makubwa, wiki mbili za vipimo vidogo na kitoweo mbadala, na wiki ya mwisho ya kutumia vizuri kilichobaki jikoni.

Jambo la pili lililoamua mpango ni usafiri. Bidhaa zetu nyingi hufika Mokowe kwa lori, hupakiwa kwenye boti mpaka gatini, kisha huletwa dukani kwa mkokoteni au kwa punda. Lori likichelewa njiani au mzigo ukilala Mokowe, tangazo la ofa lililokwisha kutoka huwa aibu. Kwa hiyo niliweka sharti kwamba maelezo ya ofa huandikwa mapema lakini hayatolewi mpaka mzigo uwe rafuni. Kwa kila ofa nilitayarisha dokezo moja la jikoni lisilotegemea mzigo wowote, ili siku ile isibaki tupu. Dokezo la kupima yai, kwa mfano, linafaa siku yoyote: yai likilala chini kwenye bakuli la maji bado ni jipya, likisimama limekaa siku nyingi na litumike upesi, likielea usilipike.

Nilipanga maelezo manne kwa wiki, yaani 16 kwa mwezi. Ami alitaka nusu yake ziwe ofa. Mimi nilipunguza zikawa tano, mbili zikiwa wiki ya kwanza na moja kila wiki iliyofuata. Madokezo yakawa saba, na visa vya wateja vinne, kimoja kwa wiki. Sababu yangu aliileta mteja mwenyewe, Bi mmoja wa makamo, aliyesimama mlangoni akauliza, “Mwanangu, sukari mtaishusha lini? Mimi ninayo ya siku mbili, naweza kungoja.” Mteja akianza kungoja, ofa haimwongezi mtu dukani, inaahirisha tu mauzo ambayo yangekuja kwa bei kamili. Dalili yake huonekana wazi: siku mbili kabla ya siku ya kawaida ya ofa mauzo ya bidhaa hiyo hupungua, na siku ya ofa yenyewe sura ni zile zile.

Kilichonisaidia zaidi ni kuipa kila wiki bidhaa moja ya kuongoza, kisha dokezo, ofa na kisa vyote vikaizunguka bidhaa hiyo kwa mpangilio huo. Nitaeleza wiki ya tatu, ambayo bidhaa yake ilikuwa pojo, kwa sababu samaki walikuwa wameadimika na pojo tulikuwa nazo za kutosha.

Jumatatu usiku, baada ya isha, nilitoa dokezo. Madokezo niliyatoa usiku kwa makusudi, wakati watu wametulia na wanasoma. Ofa nilizitoa asubuhi kabla ya mtu kuamua chakula cha mchana. Dokezo lenyewe lilisomeka hivi:

“Pojo hazina haja ya kulowekwa usiku kucha. Zichambue mawe, zioshe, uzichemshe na tui jepesi mpaka ziive kabisa. Tui zito litie mwisho, moto uwe mdogo, na ukoroge polepole. Likichemka kwa moto mkali hukatika.”

Halina bei wala jina la duka. Sentensi ya kwanza inajibu swali ambalo huulizwa kaunta, na nilihakikisha ni fupi, kwa sababu kwenye simu maelezo marefu hukatwa baada ya mistari michache na msomaji huona mwanzo tu mpaka abonyeze aendelee. Maelezo yanayoanza na “Habari zenu wateja wetu wapendwa” huwa yamekwisha kuitumia nafasi hiyo kwa salamu. Najua kwetu salamu ni adabu, na ami hakuipenda hoja hii hata kidogo, lakini tulikubaliana salamu zitolewe dukani, mtu anapoingia. Dokezo la pili la wiki lilitoka Jumatano na lilihusu kuchagua nazi: itikise usikie maji, kisha utazame macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Nazi haikuchaguliwa ovyo, kama itakavyoonekana.

Alhamisi asubuhi ikaja ofa. Hapa hesabu lazima itangulie maneno. Tuseme kilo ya pojo tunainunua kwa shilingi 130 na kuiuza 160, faida ikiwa 30. Nikiishusha mpaka 145, faida inabaki 15, na itanibidi niuze mara mbili ya kawaida ili tu nifikie faida ile ile. Badala yake nilitazama kile ambacho mpishi wa pojo hana budi kukinunua. Nazi moja tunainunua 35 na kuiuza 45. Kilo moja ya pojo na nazi mbili kwa bei ya kawaida ni shilingi 250, na faida yake yote ni 50. Nikitoa vyote kwa 240, mteja amepunguziwa shilingi 10, nami nimebaki na 40, na nazi, ambazo haziwezi kukaa dukani milele, zimetoka pamoja. Maelezo yakawa mafupi:

“Pojo kilo 1 na nazi 2 kwa shilingi 240. Ni kuanzia leo Alhamisi hadi Jumamosi jioni, au zikiisha kabla. Ukitaka kuletewa nyumbani, tupigie kabla ya saa kumi.”

Maneno “au zikiisha kabla” ni madogo, lakini bila hayo mteja wa Jumamosi magharibi ana haki ya kulalamika. Mwisho wa ofa niliuandika kwa jina la siku, kamwe si kwa “wiki hii” tu, kwa sababu watu husambaza picha na tangazo huweza kumfikia mtu wiki ya pili.

Kisa cha mteja kilitoka Ijumaa baada ya alasiri. Visa ndivyo vilivyonichukua muda mrefu kuliko vyote, kwani mtu hujieleza vizuri kaunta, lakini ukimwambia unataka kuyaandika hunyamaza. Tuna mteja anayeuza mahamri asubuhi, na kwa kawaida huyauza pamoja na mbaazi za nazi. Aliniambia kwamba mbaazi zikipanda bei yeye hupika pojo badala yake. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika hilo, nikamsomea kila neno kabla ya kulitoa, naye akanitolesha jina lake na jina la mtaa wake, akasema, “Andika mama wa mahamri. Wanaonijua watanijua.” Picha ilikuwa ya mikono yake ikisukuma unga juu ya kibao, vidole vikiwa na hina iliyokaribia kufifia, na uso haukuonekana. Maelezo yalisema:

“Mbaazi zikipanda bei, mama wa mahamri hubadilisha mchuzi akapika pojo za nazi. Anasema asubuhi ya kwanza wateja walinung’unika; asubuhi ya pili waliulizia.”

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inataka mtu akubali kabla habari zake hazijatumiwa kibiashara, kwa hiyo ruhusa si hisani. Lakini katika mji ambao kila mtu anamjua mwenziwe, hata ruhusa haitoshi. Nilijiwekea mipaka miwili zaidi: kisa kisitaje daftari la madeni kwa namna yoyote, hata kwa sifa kama “hulipa kwa wakati”, na kisitaje kiasi anachonunua mtu kwa ajili ya nyumba yake, kwa maana robo kilo ya mtu ni siri yake. Kiasi cha mfanyabiashara kama mama wa mahamri ni jambo jingine, ila hata hicho sikukitaja bila kumwuliza.

Ipo hatua moja ya kiufundi ambayo bila yake maandishi mazuri hayamfikii mtu. Stetasi ya WhatsApp huonekana tu na mtu ambaye ameihifadhi namba yako nawe umeihifadhi yake, na hutoweka baada ya saa 24. Tulikuwa na wateja wengi waliotupigia miaka nenda miaka rudi bila sisi kuhifadhi namba zao. Niliweka kibandiko kaunta chenye namba ya duka, na kila aliyetaka kupokea habari zetu tulihifadhiana namba papo hapo. Ofa ya siku tatu nilikuwa nairudia kila asubuhi kwenye stetasi, ilhali Facebook niliiweka mara moja tu.

Kupima matokeo sikutegemea idadi ya waliotazama, kwa kuwa jamaa zetu walio Mombasa hutazama kila kitu na hawanunui hata kiberiti. Nilimpa kijana wa kaunta daftari, akaandika alama kila mteja alipotaja jambo aliloliona kwenye simu, na kando yake bidhaa aliyoondoka nayo. Dokezo la tui lilileta alama nyingi kuliko ofa yenyewe, na wengi wa waliolitaja walichukua pojo na nazi kwa bei kamili kabla Alhamisi haijafika. Ami aliitazama ile kurasa kwa muda, kisha akauliza kama mwezi ujao ofa zinaweza kuwa nne.

Tulipoupanga Agosti, madokezo ambayo hayana bei niliyahamisha kwenye orodha ya akiba ili yarudi baada ya miezi kadhaa na picha mpya. Ofa zote nilizifuta kwenye simu, picha na maneno, asije mtu akazitoa tena na bei iliyokwisha kubadilika. Kisa cha mama wa mahamri sikukirudia. Alikuwa ameshakuja kuniambia kwamba mbaazi zimeshuka, na kwamba sasa wateja wake wanataka zote mbili.