Siku moja maishani mwangu: nitumie picha ya mizizi, majani niachie

Saa 12 na nusu asubuhi niko kitaluni, pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, nimeshika mpira wa maji. Mpaka saa 3 ni kumwagilia, kupanga viriba na kufagia majani.

Wapita njia wanaona muuza maua kakaa kivulini na simu yake. Kumbe simu ndiyo inayochosha. Kila ninayemuuzia mche namwambia: ukiona haueleweki, mwagilia leo, kesho laza chungu ubavu, kigonge kingo, uutoe mzima bila kukung'uta udongo. Piga picha donge la mizizi kwa ubavu na kwa chini. Jani la njano lina sababu nyingi mno, siwezi kubashiri.

Saa 3 na robo mzee mmoja akatuma fikasi yake. Picha safi kabisa, ya mchana. Donge limetoka na umbo la chungu, mizizi imejizungusha chini kama ngata ya kubebea ndoo, udongo hauonekani. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, maji ukimwagia yanakaa?" Akasema yanapita moja kwa moja hadi sahanini. Basi, huo umebanwa. Chungu chake ni cha sentimita 20 mdomoni, nikamwambia atafute cha 25, na kabla ya kupanda apitishe kisu ubavuni mwa donge, mistari mitatu minne wima, kina cha sentimita moja hivi. Asipoikata, mizizi itaendelea kuzunguka palepale hata ndani ya udongo mpya. Dakika tano tumemaliza.

Saa 4 akaja dada wa drasina.

"Kaka maua, mizizi imejaa, nimeshanunua chungu kikubwa, nihamishe?" Picha kaipiga usiku chini ya taa ya njano, nusu ya juu tu ya donge. Chini ya taa ile mzizi mzima na uliooza vina rangi moja. Nikaomba nyingine, dirishani, aonyeshe na chini. Akatuma majani. Nikaomba tena. Akatuma voisi ya dakika mbili, ndani yake mtoto analia. Huku mteja mwingine kasimama anabishania bei ya mchaichai.

Picha zenyewe zikafika karibu saa 7, jua la utosi. Nikavuta kivulini, nikakuza. Ubavuni kweli mizizi kadhaa imezunguka, ila kati ya mzizi na mzizi kuna udongo mwingi, na upande mmoja donge limemeguka lenyewe. Donge lililobanwa halimeguki hivyo. Juu mizizi ni ya rangi ya chungwa, minene. Rangi hiyo ndiyo iliyomtisha, wakati drasina ndivyo ilivyoumbwa. Kilichonisumbua mimi ni chini: udongo mweusi unaometa kwa maji, na mizizi ya kahawia iliyolala kama tambi zilizopikwa.

Lakini picha haina mkono wala pua. Nikamwandikia: "Dada, shika mzizi mmoja wa kahawia, uvute taratibu." Kimya. Nikala ugali wangu umeshapoa. Akarudi: "Ganda limevuka kama soksi, umebaki uzi. Halafu kunanuka mtaro!"

Umeoza. Nikauliza mmea unakaa wapi. Kumbe chungu chake cha plastiki kimetumbukizwa ndani ya chungu cha urembo kisicho na tundu, na maji yanatuama humo wiki nzima. Na hicho alichonunua ni cha sentimita 40, cha zamani ni 20. Nikamweleza mara tatu, ya tatu nimeshachoka: mizizi iliyobaki ni michache, ukiizungushia udongo wote huo haitaweza kunywa maji yake, yatakaa, na iliyopona nayo itaoza. Akate iliyolainika kwa mkasi safi mpaka afike penye mzizi mgumu, atoe udongo uliolowa, arudishe kwenye chungu kilekile na udongo mpya uliochanganywa na mchanga mnene.

"Yaani chungu kikubwa nimenunua bure?" Hilo alilichukia kuliko kuoza.

Sijui saa ngapi hapo. Kuna gari lilishusha mchanga, nikabeba, mgongo ukalia. Nikauza miche miwili ya mlimao. Giza lilikuwa linaingia nilipoona picha yake: mizizi imekatwa vizuri, mmea umesimama kwenye chungu chake cha zamani. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikaandika haraka, "Safi sana dada. Wiki hii usimwagie mpaka udongo wa juu ukauke."

Akajibu: "Nimeshamwagia, jagi zima."