Mikono miwili, mdomo mmoja: kumbukumbu ya video ya twende kilioni

Wiki ya 1

Mama mdogo wangu anasuka barazani kwake hapa Tanga tangu sijaanza shule, na sijawahi kumwona amenyamaza akiwa na kichwa cha mtu mikononi. Atakusimulia msiba wa juzi, bei ya nazi, nani kaolewa wapi, na vidole vinaenda tu. Kwa hiyo nilipoamua kumrekodi akifundisha twende kilioni, mistari ya nywele inayotoka kwenye paji kwenda kisogoni, ile ya kuongeza rasta, suala la maneno halikunisumbua hata kidogo. Nilijua mdomo upo.

Siku ya kwanza nikamwambia, "Mama mdogo, leo usisimulie mengine. Sema unachofanya." Vidole vikasimama. Akaanza upya, akasema, "Hili napitisha juu," nami kwenye simu naona kabisa limepita chini. Tukabishana. Mwisho nikamrekodi kwa mwendo wa polepole, tukakaa kutazama: chini, chini, chini, kila fungu. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mikono inajua, mwanangu, mimi sijui."

Kuanzia hapo simwulizi tena hatua inayofuata ni ipi. Natazama video ya polepole, naandika nilichokiona, halafu namsomea yeye arekebishe.

Wiki ya 2

Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi nzuri sana, na haikufaa kabisa. Nilipima kwa saa ya simu. Akisuka kawaida, fungu moja linapita kwa muda wa sekunde moja hivi. Akipunguza mwendo kwa ajili ya video, ni sekunde tatu. Sentensi yangu ya "sasa chukua fungu lililo upande wa sikio ulipitishe chini ya fungu la katikati" inakula sekunde sita. Maana yake kila akimaliza kusema, mkono uko mafungu mawili mbele, na mtazamaji anasikia jambo lililokwisha kupita.

Dawa niliipata nilipogundua kwamba mikono haiendi muda wote. Kila baada ya kupitisha mara mbili au tatu, anabana mafungu kwa gumba na kidole cha shahada cha kushoto, anavuta kidogo kukaza, ndipo anaendelea. Hapo ndipo mahali pa kuongea. Sasa hati nzima nimeigawa kwa maneno mawili tu, SHIKA na ENDA. Kwenye SHIKA mikono imetulia, mkono wa kulia unafunguka pembeni ili kamera ione, na sentensi inasemwa yote. Kwenye ENDA hakuna maelezo mapya. Mwanzo wa mstari unasomeka hivi:

SHIKA: "Nina mafungu matatu, nywele zake mwenyewe tu. Rasta bado."
ENDA: mara tatu.
SHIKA: "Tazameni hapa kwenye paji. Hakuna kifundo."
ENDA: mara mbili.
SHIKA: "Sasa rasta ya kwanza, nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Naikunja katikati. Mguu mmoja unaingia fungu la kati, mguu mwingine fungu la pembeni."
ENDA: mara mbili, polepole.

Ona kwamba maneno yanatangulia mkono. Mtazamaji akiambiwa mapema aangalie mguu wa rasta unaingia wapi, jicho linakuwa limeshafika.

Kilichotutesa zaidi ni majina ya mafungu. La pembeni likipita chini ya la kati, lenyewe ndilo linakuwa la kati, na lililokuwa kati linatoka nje. Kila sekunde tatu majina yanabadilika! Tulijaribu kushoto na kulia, ikawa balaa, maana mtazamaji hajui ni kushoto kwa msusi au kwa anayesukwa. Pembeni tumepaita "upande wa sikio" na "upande wa utosi", ambako hakubadiliki hata ukikaa wapi. Hayo ya kati aliyatatua mama mdogo mwenyewe, bila kuombwa: "Mgeni chini, mwenyeji nje." Linaloingia ni mgeni, lililokuwepo kati ni mwenyeji. Maneno manne, na yanaenda sawasawa na mkono. Sasa ndiyo anayoimba kwenye ENDA za mwanzo. Baada ya mizunguko minne anaacha, mkono unaendelea kimya.

Kabla ya kuingia kichwani, video inaanza na sekunde 40 za nyuzi tatu za sufu, nyeusi, nyekundu na njano, zimefungwa kwenye mguu wa kiti. Rasta nyeusi juu ya nywele nyeusi haimfundishi mtu nani kapita chini ya nani.

Wiki ya 3

Kamera. Nitasema machache kwa sababu nimepoteza siku mbili kwa ujinga.

Niliweka simu sentimita 10 kutoka kichwani nikidhani karibu ndiyo wazi. Picha ikawa inapwaya, mara ikamate kucha, mara ikamate nywele za nyuma. Nikairudisha hadi sentimita 40 hivi na kukuza mara 2, ikatulia. Kisha nabonyeza kwa muda pale kwenye njia mpaka kioo kiandike `AE/AF LOCK`, yaani mwanga na umbali wa kulenga vimefungwa, na mteja anaambiwa asisogeze kichwa, maana ukishafunga hivyo, akiinama kidogo tu kila kitu kinafifia. Simu iko juu ya bega la kushoto la msusi, ikitumia kamera ya nyuma. Ile ya mbele inaonyesha kama kioo cha kujitazamia, na mama mdogo alikuwa akiangalia hapo anapoteza upande.

Taa nimeitoa mbele na kuiweka ubavuni. Kivuli kidogo kinafanya mstari uinuke na njia ionekane.

Kipaza sauti kilikuwa kwenye kola. Kila rasta inapopita, khrr! Sasa kiko bega la kulia, nyuma kidogo, mbali na rasta zinazoning'inia.

Wiki ya 4

Tumerekodi mstari mzima mara mbili. Hati hawezi kuisoma, miwani inateleza na mikono ina jeli, kwa hiyo nimeandika maneno matano kwenye boksi nyuma ya simu, herufi kubwa: PAJI, NYEMBAMBA, NENE, VIPELE, MKIA. Akiliona neno, sentensi inakuja yenyewe, na inakuja kwa sauti yake, si yangu.

NENE ni pale anapoeleza kwamba kila rasta inayofuata inazidi ile ya kabla kidogo. Kwenye mstari wetu ziliingia tano hadi kisogoni. Ukianza na nene, paji linabeba uzito wote. VIPELE nilitaka kuliondoa ili video isirefuke, akakataa. Alisimama kabisa, akabana, akasema taratibu: "Ukiona vipele vyeupe vinatoka kwenye mizizi ya mbele, umekaza mno. Fumua. Usipake mafuta ukaendelea." Ndiyo SHIKA ndefu kuliko zote, sekunde 12, na mikono haikutikisika.

Imebaki sehemu ya kisogo. Kichwa kinapoinama, mkono wa kulia unaziba kila kitu na SHIKA haisaidii. Jumamosi tutajaribu kuhamisha simu bega la pili na kukata video hapo, kama binti wa jirani atakubali kukaa tena. Mara ya kwanza tulimlipa kashata mbili, sasa anadai nne.