Inverta yalia, betri haina kosa

Jumapili usiku, Kisauni

Jana stima ilipotea saa kumi alfajiri, mamangu ndiyo kwanza anaanza kusaga nazi za mbaazi anazouza. Inverta ikashika papo hapo. Taa na feni havikutingishika. Akabonyeza blenda. Pi-pi-pi, halafu piii moja ndefu, giza. "Hicho kidude chako, mwanangu, kikiona kazi kinalala," akasema, akaivuta mbuzi ya nazi kutoka chini ya meza.

Kinachoniuma ni pesa. Mwezi jana, kwa mlio huohuo, niliamua mwenyewe kwamba betri imekufa, nikanunua mpya ya volti 12, ampea-saa 100. Siku ya kwanza tu ikalia kama ile ya zamani.

Leo baada ya adhuhuri ami alipita na mita yake. Nikamwambia betri nimeshaipima, inasoma 12.6. "Ulipima ikiwa inafanya nini?" Haikuwa inafanya chochote. Akacheka. Betri iliyopumzika huonyesha uso mzuri hata ikiwa mbovu, akasema. Ipime ikiwa imebeba mzigo, na upime mara mbili, kwenye vichwa vya betri na pale waya unapoingilia inverta.

Mama akashika blenda, mimi nikashika mita. Kwenye betri: 12.1. Kwenye inverta, kabla haijazima: 9.9. Volti mbili na kidogo zilikuwa zimepotea njiani.

Njia yenyewe ni waya niliofunga mwaka jana, ule wa kawaida wa soketi, milimita za mraba mbili na nusu, kutoka betri iliyoko barazani hadi ukumbini: mita tatu kwenda na tatu kurudi. Ami akanifanyia hesabu nyuma ya risiti. Blenda wati 500, feni na taa kama 50, jumla 550. Ukigawa kwa 12 na kuongeza kile inverta inachokula yenyewe, ni karibu ampea 50. Shaba nyembamba hivyo, kwa mita sita, ina ukinzani wa kama omu 0.042. Zidisha kwa 50: volti 2.1. Inverta yangu huanza kulia volti zikifika 10.5 na kujizima zikifika 10. Haijui kama volti zimeliwa na waya au betri imekwisha. Yenyewe inaona kilichofika mlangoni tu.

Ndiyo maana feni na taa hazikuwahi kuisumbua: ampea tano zinapoteza kama volti 0.2, basi. Na volti zikishuka, inverta huvuta ampea zaidi ili blenda ipate wati zake, waya nao unazidi kula. Nikaushika. Ulikuwa moto kama kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana unapita nyuma ya pazia na sikuwa nimeweka fyuzi.

Tukaihamisha inverta barazani, kando ya betri lakini si juu yake, kwa sababu ya gesi inayotoka wakati wa kuchaji. Waya mpya ni wa milimita za mraba 25, mita moja tu kila upande, na fyuzi ya ampea 100 karibu na betri. Vichwa vya betri tukavikwangua ule ukungu wa kijani. Upepo wa chumvi hapa Mombasa hauachi shaba salama, na uchafu huo nao hula volti. Tukapima tena: 12.1 kwenye betri, 12.0 kwenye inverta. Blenda ikasaga.

Ingekuwa betri ndiyo mbovu, mita ingeanguka palepale kwenye vichwa vyake, pande zote mbili zikisoma 10. Betri iliyoisha chaji ni hivyo hivyo, ila huchukua muda: inatumika saa kadhaa, inalia, unaizima, ikipumzika volti zinapanda, unaiwasha kwa furaha, baada ya dakika mbili inalia tena.

Sababu nyingine ya kuzima, mzigo kupita kiasi, tumeiona jioni bila kuitafuta. Mpwa wangu alichomeka pasi anyooshe sare ya shule. Pasi ni wati 1200, inverta ni ya 1000. Ilizima ndani ya sekunde chache, na nilipowahi mita kabla haijazima, pande zote mbili zilikuwa juu ya 11.5. Hapo hakuna waya wala betri ya kulaumu. Akanyoosha sare kwa pasi ya makaa ya jirani.

Mama amejaribu blenda mara mbili, akiwa amesimama mbali nayo kidogo. Mbuzi hajairudisha chini ya meza.