Voisi ya sekunde 54: hatimaye shikamoo imeitikiwa

Imekubali! Leo binti yangu wa miaka mitano, ambaye ndiye mtahini wangu katika mradi huu, ameiamkia simu bila kuambiwa na mtu. Simu ilikuwa mezani, sauti yangu ikatoka, yeye akasema "shikamoo" pale pale nilipotaka aseme, na simu ikamjibu "marahaba". Akaitazama simu, akanitazama mimi niliyekaa kwenye mkeka, akauliza kama mle ndani kuna baba mwingine.

Mradi wenyewe ni mdogo hata naona haya kuueleza. Mtoto wa mdogo wangu wa kike anatimiza miaka sita, wanaishi Maskati. Tanga amekuja mara moja tu, akiwa mdogo, na anachokikumbuka ni baiskeli. Kiswahili anakisikia kwa mama yake ndani ya nyumba. Akitoka nje anacheza na wenzake kwa Kiarabu. Nikasema mwaka huu simtumii picha ya keki yenye maua ya kumetameta. Namtumia voisi, tena ya kuandika kwanza, kwa sababu zile za kubonyeza na kuropoka nimeshazijua: dakika mbili za "eeh, mjomba, yaani, basi ndiyo hivyo".

Andiko la kwanza nililipima kwa saa ya simu: dakika 1 na sekunde 50. Lilianza hivi: "Mpendwa mpwa wangu, napenda kuchukua fursa hii". Mke wangu akasema nimesahau tu kumshukuru mwenyekiti wa mtaa. Kosa la urefu lilionekana mapema, lakini la "mpwa" lilinichukua siku mbili kuliona. Mpwa ni neno la kumwelezea mtu wa pembeni: huyu ni mpwa wangu. Mtoto mwenyewe humwiti hivyo. Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba, tunarudishiana. Nilipobadilisha neno hilo moja, nusu ya sentensi zilizobaki zikaanguka zenyewe, maana huwezi kumwita mtoto "mjomba" halafu ukaendelea na "siku hii adhimu ambayo ulizaliwa". Ulimi unakataa. Tangu hapo kila sentensi nikaisema kwa sauti kabla ya kuiandika, na ile iliyonilazimu kuvuta pumzi katikati nikaivunja mara mbili au nikaitupa.

Sasa nije kwenye shikamoo, iliyokula wiki nzima.

Mtoto aliyefunzwa huamkia, mkubwa huitikia. Kwenye voisi mkubwa ndiye anaanza kusema, na anayetakiwa kuamkia hayupo. Nilijaribu kuanza na "hujambo mjomba", lakini binti yangu alijibu "sijambo, shikamoo" kwa mkupuo mmoja, mara ya pili akajibu "sijambo" peke yake, na mara ya tatu akanyamaza. Jibu lisilotabirika huwezi kuliachia nafasi. Nikataka shikamoo tu, na baada yake marahaba yangu iliyorekodiwa iingie kama tumekaa pamoja.

Nikaacha kimya cha sekunde mbili. Marahaba ikamkanyaga mtoto: yeye yuko kwenye "shika", mimi nishamaliza. Nikaongeza hadi tano. Safari hii alisubiri kidogo, akaona kimya, akasema "imekata", akaichukua simu akafungue katuni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa idadi ya sekunde. Kwa mtoto wa siku hizi, kimya ndani ya simu maana yake mtandao umekatika. Sekunde nne zilikuwa zinatosha kabisa kuamkia, ila zilitakiwa zisiwe kimya, zisikike kama mtu bado yupo anasubiri.

Nikajaza kwa kuguna. Akacheka, hakuamkia. Nikajaza kwa "eeh? eeh?", akajibu "eeh". Nikaweka mlio wa kijiko kwenye kikombe cha chai, akauliza nani anakunywa chai.

Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa na bahari. Niliwahi kwenda Raskazone alfajiri nirekodi mawimbi ya kuweka chini ya maneno. Usijisumbue. Ni msimu wa kusi, upepo unapiga tundu la kipaza sauti na kutoa bububu inayofunika kila kitu, na nilipojificha nyuma ya ukuta, mawimbi yakasikika kama mtu anakaanga samaki. Simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Mvumo usiokatika inauona uchafu, inaukwangua. Nilikuwa nimepanga pia kwenda Ngamiani kurekodi kelele za soko. Sikwenda, kwa sababu wakati narudi kutoka Raskazone nilimpigia kengele bibi mmoja aliyekuwa anavuka barabara, naye akageuka papo hapo akanisalimu.

Kengele ya baiskeli! Mtoto wa Maskati anaikumbuka baiskeli, na kengele ni sauti ya mtu anayefika. Kengele ikilia, kisha mtu akaulizwa "mbona huniamkii?", anajua la kufanya. Na ikiendelea kulia taratibu ndani ya zile sekunde nne, anajua mjomba bado yuko mlangoni.

Hapa naomba niseme neno juu ya kengele. Hizi ndogo za plastiki za siku hizi zinasema "ting" moja kavu, basi. Nilikwenda kwa fundi nikaazima ile ya zamani, yenye kikombe cha chuma na meno ndani, unabonyeza inajizungusha "kriiing" na mwangwi unabaki. Nilipoipiga karibu na simu ikaharibu mambo: simu ikishtuliwa na sauti kali hujipunguza masikio, na neno linalofuata linatoka kama limesemwa ndani ya pipa. Nikampa kengele mke wangu asimame hatua tano, nyuma ya pazia, na tatizo likaisha. Mengine ni madogo. Sebule ya vigae ina mwangwi, nikahamia chumbani kwenye godoro na nguo. Karatasi inachakacha, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye boksi na kuliegemeza ukutani. Simu nikaiweka pembeni ya mdomo, siyo mbele, kwa sababu kila "p" ilikuwa inalipuka.

Ahadi niliitoa. Andiko lilikuwa na "ukija nitakununulia baiskeli", mama yake akanionya kwamba kwa mwanawe "ukija" ni kesho, na yeye ndiye atakayeulizwa kila asubuhi. Badala yake nikaweka machungwa ya Muheza, ambayo sasa yamejaa kila kona. Sita, yanahesabiwa moja moja yakitua kwenye bakuli la bati, la mwisho linaachiwa mtoto ataje. Hilo halikunipa shida hata kidogo. Mtoto akisikia moja mpaka tano hawezi kujizuia.

Shida ilitoka kwa mama yangu. Alitaka kumwombea mjukuu wake, na dua yake ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko voisi yote. Tukapatana sentensi moja, nikaiweka mwishoni kwa heshima.

Hili ndilo lililorekodiwa:

(Kengele mara mbili, kwa mbali.)

Mjomba! Mjomba wako wa Tanga huyu, nimefika na baiskeli. Mbona huniamkii?

(Kengele taratibu, sekunde 4.)

Marahaba, mjomba wangu! Leo hepi bethdei yako. Nimekuletea machungwa, matamu haya! Hebu tuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Na…

(Chungwa linatua. Sekunde 3.)

Sita! Sawa sawa na miaka yako. Hili moja nakulia mimi.

(Kufyonza chungwa, kwa kelele.)

Bibi yako huyu hapa.

(Bibi.) Mjukuu wangu, Mwenyezi Mungu akukuze, akupe afya njema.

Haya mjomba, naondoka. Waja leo, waondoka leo!

(Kengele inakwenda mbali.)

Jumla sekunde 54. Nilirekodi moja kwa moja ndani ya WhatsApp, nimetelezesha kidole juu ili ijifunge, mikono ibaki huru kwa machungwa. Wapo wanaosisitiza programu za kurekodi na kukatakata. Mimi nilijaribu moja, nikapoteza jioni nzima kusogeza vipande, na kila kiungo kilisikika. Kwa kitu kifupi hivi ni rahisi zaidi kurudia chote. Nilirudia mara kumi na moja.

Kabla ya kutuma nikakumbuka jambo ambalo lingeniua. Mdogo wangu husikiliza voisi zote kwa 2×, hata za misiba. Kwa kasi hiyo sekunde zangu nne zinakuwa mbili, na tunarudi kule kule kwa marahaba kumkanyaga mtoto. Nikamwandikia arudishe 1× na aiweke simu mezani, asiishike sikioni kwa mtoto. Niliandika, sikusema, kwa sababu voisi mbili zikifuatana ya pili hujicheza yenyewe, na mtoto angemaliza kusikia kengele halafu akasikia mimi namuelekeza mama yake.

Imetumwa saa mbili asubuhi kwetu, kwao saa tatu.

Majibu yamekuja mchana, na mama yake ndiye ameniambia yote. Kengele ikalia, mtoto akaacha uji. "Mbona huniamkii?" Akasimama wima, akasema "shikamoo mjomba", na marahaba ikaingia mahali pake kama kufuli. Nilipoisoma hiyo nilimwita mke wangu kutoka jikoni.

Halafu machungwa. Alisema "sita!" kabla yangu, kwa kupiga kelele. Ila hakuishia hapo. Akaendelea saba, nane, tisa, mpaka kumi na tano, kwa sauti ile ile, kwa sababu ameshaanza na hakuna aliyemwambia aache. Kuhesabu kulitakiwa kuwe kitu cha mwisho kabisa. Nyuma yake hakuna kinachoweza kupita. Nami nyuma yake ndipo nilipompanga mama yangu.

Ameisikiliza mara nne, na mara zote nne amehesabu mpaka kumi na tano. Mama yuko barazani sasa hivi, ananiuliza kama mjukuu wake ameitikia "amini".