Pensheni ya marehemu mume wangu ilipoingia, ruzuku ikakatika

Nilikuwa nimeshazoea kuishi kwa ruzuku ya wazee, ile inayotolewa kwa kuangalia kipato cha mtu. Pensheni ya mjane niliyoiomba baada ya msiba ilichukua miezi 14 kupitishwa. Ilipokuja, ilikuja na malimbikizo yote kwa mkupuo. Nilimshukuru Mungu. Mwezi uliofuata ruzuku haikuingia kabisa, wala miwili iliyofuata.

Nieleze kwa hesabu nyepesi. Tuseme ruzuku kamili ni 100 kwa mwezi na pensheni yangu ni 80. Katika mpango wangu, 20 za mwanzo za pensheni haziguswi, na kinachozidi hapo, kila 2 hupunguza ruzuku kwa 1. Zinazozidi ni 60, kwa hiyo ruzuku inapungua 30 na kubaki 70. Jumla napata 150. Si mipango yote iko hivyo. Mingine haipunguzi kidogo kidogo: ina kikomo, ukikivuka hata kwa kiasi kidogo unapoteza ruzuku nzima. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ofisini ni moja tu: pensheni hii inapunguza ruzuku au inaifuta?

Mimi nilistahili kupunguziwa, lakini nilifutiwa. Nilikaa na barua ya uamuzi mezani, nikaanza kuisoma mstari kwa mstari. Kwenye sehemu ya kipato cha mwezi walikuwa wameandika 1,120. Nikachukua kalamu: 80 mara 14 ni 1,120. Waliyahesabu malimbikizo yote kama kipato cha mwezi mmoja, halafu fedha zilizobaki benki zikahesabiwa tena kama akiba. Huwezi kuligundua kosa hili kwa kuangalia salio la benki. Linaonekana kwenye barua tu, kwa kulinganisha kiasi walichoandika na pensheni ya mwezi.

Nilirudi na barua ya mfuko wa pensheni, ile inayoonyesha tarehe pensheni ilipoanza kuhesabiwa na kiasi cha kila mwezi. Bila hiyo, taarifa ya benki inaonyesha mkupuo mmoja na haielezi kitu kingine. Niliandika ombi fupi kwamba malimbikizo yagawanywe kwenye miezi yake, nikalipeleka kabla muda wa rufaa haujaisha, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Yule dada wa dirishani aliniambia, "Mama, ukigawanya hivyo kuna miezi ya nyuma utadaiwa." Alisema kweli, na namheshimu kwa kunieleza mapema.

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Kwa miezi 14 nilipokea 100 ilhali, pensheni ikihesabiwa tangu ilipoanza, nilistahili 70. Hiyo ni 30 mara 14, yaani 420. Lakini nao walikuwa hawajanilipa miezi mitatu, 70 kila mwezi, jumla 210. Zikakatwa humo, nikabaki kudaiwa 210. Nililipa kwa malimbikizo yaleyale, maana namshukuru Mungu sikuwa nimeyamaliza. Mjane mwenzangu aliyatumia yote kulipa madeni ya ugonjwa, na sasa deni la ruzuku linakatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake. Pensheni ikija na malimbikizo, usiyaguse yote mpaka ofisi ya ruzuku imalize hesabu zake.

Jambo jingine lililonichanganya ni makato. Pensheni yangu hukatwa 10 za bima ya afya kabla ya kuingia benki, kwa hiyo mimi naona 70. Nilipiga hesabu kwa 70 nikatarajia ruzuku ya 75. Ofisi ilitumia 80, kiasi kabla ya makato, na kanuni zao zinasema hivyohivyo. Hapo sikuwa na cha kudai. Kwenye fomu, andika kiasi kilicho kwenye barua ya pensheni, si kile kinachoonekana benki, la sivyo tofauti ile itarudi baadaye kama deni.

Kuna waliowahi kunishauri niiache pensheni ili ruzuku ibaki nzima. Ushauri huo ni mbaya. Pensheni hutokana na michango, na kati ya hizo mbili ruzuku ndiyo inayopungua. Mipango mingi pia hukuhesabia kipato ulichokikataa kana kwamba unakipokea, ukabaki bila pensheni na ruzuku pungufu.

Mwaka huu pensheni imepanda kutoka 80 hadi 84. Barua niliipeleka ofisi ya ruzuku wiki ileile, sikungoja waulize. Ruzuku imeshuka hadi 68, na jumla napata 152 kabla ya makato ya bima.