Akawaambia Waziwazi

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Yohana 11:11-14. Tulisome tukiwafikiria watoto wetu, kwa sababu muhula huu mwanafunzi mwenzao wa Gredi ya 4 amefiwa na mama.

Yesu yuko ng'ambo ya Yordani anapowaambia wanafunzi wake kwamba rafiki yao Lazaro amelala, naye anakwenda kumwamsha. Hawa ni watu wazima waliokula na kulala naye njiani. Hata hivyo wanalichukua neno lile kama lilivyo: ikiwa amelala, basi atapona. Yohana anatueleza kwamba Bwana alikuwa anazungumzia kifo, wao wakadhani ni usingizi. Ndipo mstari wa 14 unasema, "Basi hapo Yesu akawaambia waziwazi, Lazaro amekufa."

Ikiwa mitume walikosea kuelewa, mtoto wa miaka 6 ataelewaje?

Miaka 4 iliyopita binti yangu alikuwa chekechea hapa Kisumu. Jioni moja ujumbe uliingia kwenye grupu ya wazazi kwamba baba wa mtoto mmoja "amepumzika", tuiombee familia. Nilimwambia binti yangu neno lile lile, nikaona nimefanya vyema. Akaniuliza, "Ataamka lini?" Nikamjibu kwamba yuko kwa Mungu, nikaendelea kusonga ugali. Siku chache baadaye nilirudi kazini nimechoka, nikajitupa kitini, nikasema, "Wacha nipumzike kidogo." Mtoto alipiga yowe. Alinishika mkono akanivuta nisimame, na kwa karibu wiki tatu hakutaka nifumbe macho mbele yake. Mimi ndiye niliyempa hofu ile kwa mkono wangu mwenyewe, na nilidhani ninamkinga.

Tuna maneno mengi ya kukifunika kifo: amelala, ametangulia, ametuacha, ameitwa nyumbani, amesafiri. Kwetu wakubwa ni maneno ya heshima, na matangani yana mahali pake. Lakini mtoto wa chini ya miaka 6 au 7 mara nyingi bado hajajua kwamba aliyekufa harudi, na kila neno la kufunika linampa sababu ya kungoja. Aliyesafiri atarudi na zawadi. Aliyetuacha alikosewa nini hata akaondoka? Na lile la kwamba Mungu amemchukua kwa sababu alimpenda sana, naliombea litoke vinywani mwetu tunaposema na watoto. Mtoto analisikia na kuanza kumwogopa Mungu, au anaanza kuomba asipendwe hivyo.

Safari hii mwalimu wa darasa aliifanya kazi hii kwa uangalifu ambao nataka tujifunze. Kwanza alimpigia simu shangazi ya mtoto, maana baba alikuwa hawezi kuzungumza, akamwuliza mambo mawili: tuwaambie wazazi wengine, na tuseme nini kuhusu chanzo cha kifo? Shangazi alikubali habari itolewe, akaomba ugonjwa usitajwe. Mwalimu aliliheshimu ombi hilo bila kutunga sababu nyingine. Kunyamaza kuhusu ugonjwa ni haki ya familia. Kudanganya ni jambo lingine, kwa sababu watoto huugundua uongo, na baada ya hapo hata faraja yetu hawaiamini.

Kisha aliandika ujumbe mmoja kwa nyumba zote, jioni ile ile, kabla habari haijafika kwa njia ya uvumi kwenye matatu ya shule. Nauandika hapa kwa idhini yake, jina la mtoto nikiwa nimeliondoa:

"Wazazi wapendwa, nina habari ya huzuni. Mama wa mwanafunzi mwenzetu alifariki jana. Familia imeniruhusu niwaambie. Naomba leo usiku, kabla ya kulala, mketi na mtoto wenu na kumweleza kwa maneno mafupi: mama wa mwenzako amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi. Wanaruhusiwa kulia na kuuliza. Familia haijataja ugonjwa, kwa hiyo msikisie. Mwenzetu atakuwa nyumbani kijijini kwa mazishi na atarudi baada ya takriban wiki mbili. Akirudi, watoto wasimwulize mama alikufaje. Waseme pole, wamkaribishe mchezoni kama zamani. Mtoto wako akisumbuka usiku, nipigie."

Tazameni alichoacha nje. Hakuweka picha ya mtoto. Hakuweka nambari ya kutuma mchango. Rambirambi zilikuja kesho yake, katika ujumbe wa mwekahazina wa wazazi. Hilo ni jambo dogo lenye uzito, maana fedha ikiingia kwenye ujumbe wa kwanza, wazazi wote huanza kujibu "nimetuma", na hakuna anayekumbuka kuketi na mtoto.

Usiku ule nilizima televisheni nikamwambia binti yangu, ambaye sasa ana miaka 9. Nilitamka "amekufa" na ulimi ukawa mzito, nakiri. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza maswali matatu ambayo wengi wenu mtaulizwa. Je, ugonjwa ule unaweza kumwingia akikaa dawati moja na mwenzake? Nilimwambia hapana, kukaa na mwenzako aliyefiwa hakumwambukizi mtu kifo. Je, alikufa kwa sababu mwenzake alimjibu mama vibaya wiki iliyopita? Nilishtuka, lakini ndivyo watoto wa umri huo wanavyofikiri, kwamba neno baya au wazo baya laweza kuua. Nikamwambia hakuna neno la mtoto linaloua mtu, na kama mwenzake angewahi kusema hivyo, amwite mwalimu. La tatu lilikuwa, "Na wewe utakufa?" Hapa tunajaribiwa kuahidi. Nilimjibu kwamba watu wote hufa siku moja, kwamba mimi ni mzima na natarajia kumlea mpaka awe mkubwa, na kwamba likitokea lolote, nyanya yake na baba yake mdogo wapo, hatabaki peke yake. Akalala.

Kuhusu kuzungumzia ufufuo: zungumzeni, kwa kuwa ndilo tumaini letu. Ila fuateni mpangilio wa Yohana 11. Kwanza "amekufa" linasemwa waziwazi. Kisha Martha anaambiwa habari za uzima. Kisha, katika mstari wa 35, Yesu analia, ingawa alijua atamfufua Lazaro punde. Mtoto anayeambiwa asilie kwa sababu mama yuko mbinguni ananyimwa kile ambacho Bwana mwenyewe hakujinyima.

Mwenzao alirudi Jumatatu ya wiki ya tatu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, kama ilivyo kawaida huku kwetu, na alirudi kichwa kimenyolewa. Katika jamii kadhaa za magharibi, wafiwa hunyolewa baada ya mazishi. Mtoto wa mjini ambaye hajaona desturi hiyo anaweza kucheka bila ubaya wowote, na kicheko hicho kikamchoma mwenzake kuliko tusi. Mwalimu alilifikiria hilo mapema. Ijumaa iliyotangulia aliwaambia darasa kwamba huenda mwenzao akaja amenyolewa, kwamba ni namna ya familia kumheshimu mama, na kwamba hakuna mkono utakaogusa kichwa chake. Aliwaonya pia kuhusu neno "yatima". Si tusi, limo hata katika Biblia, lakini mtoto akiitwa hivyo uwanjani huhisi amebadilishwa jina.

Walipoulizwa wangefanya nini, watoto walitaka kufanya mengi mno. Mmoja alipendekeza wote wamkumbatie langoni. Mwingine alitaka darasa zima limwombee akiwa amesimama mbele. Mwalimu alikataa yote mawili kwa upole, nami nakubaliana naye. Mtoto anayerudi kutoka kaburini anataka kuingia darasani kama mtu wa kawaida, si kupokewa kama mgeni rasmi. Badala yake, watoto wawili aliokuwa akicheza nao walipewa kazi. Mmoja alimwekea kiti chake pale pale, na mwingine, ambaye ni binti yangu, alinakili hesabu za wiki mbili katika daftari. Wengine waliambiwa wamwombee nyumbani kwao kimyakimya, kwa jina. Aliporudi, mwalimu alikubaliana naye kwamba akizidiwa ataweka rula nyekundu juu ya dawati na kutoka nje bila kuomba ruhusa, na mwenzake mmoja atamfuata baada ya dakika chache.

Siku ya kwanza binti yangu alirudi nyumbani amechanganyikiwa. "Mama, alicheza mpira akacheka. Hana huzuni?" Nilimweleza kwamba huzuni ya mtoto huja kama mvua ya Kisumu: inanyesha kwa nguvu, jua linawaka, na jioni inarudi. Kucheka saa nne hakumaanishi hatalia saa saba. Na asimwambie, "Umeanza kusahau."

Sisi wakubwa tuna letu la kuacha. Pale kanisani nilisikia mzee mmoja mpendwa akimwambia mvulana yule, "Jikaze, sasa wewe ndiwe wa kumtunza baba." Alisema kwa nia njema. Lakini mtoto wa miaka 10 anatunzwa. Hapewi nyumba ya kuibeba. Tukimkuta, tumwambie, "Pole kwa kufiwa na mama. Nilimpenda kwa vile alivyoimba," au lolote la kweli tulilolijua juu yake. Watoto wengi waliofiwa hutamani kusikia jina la mama likitajwa, ilhali sisi hulikwepa.

Naomba pia tuitazame kalenda. Peremende na salamu zilijaa wiki ile ya kwanza, na wiki ya tatu zilikuwa zimekwisha. Mbele kuna siku ya kufunga shule, wazazi watakapokuja kuchukua ripoti. Kuna insha ya "Mama yangu", ambayo mwalimu amekubali kuibadilisha iwe "Mtu anayenipenda". Kuna siku ya kuzaliwa ya mama, ambayo shangazi ametupa tarehe yake. Kila familia ya kikundi chetu cha maombi ichague siku moja kati ya hizo na kumwalika mtoto na baba yake kula, bila hotuba.

Jumatatu ile binti yangu alikuwa amejizoeza sentensi yake tangu usiku, akitembea chumbani. Mwenzake alipoketi, alisema, "Pole kwa kufiwa na mama. Nimekunakilia hesabu." Mvulana alilifungua daftari, akaangalia ukurasa wa kwanza kwa muda, akauliza kama sehemu ya desimali ilikuwa ngumu. Binti yangu akamwambia ndiyo, ngumu sana, wakaanza nayo.