Dola zile zile, pesa imepungua

Jamani nimetoka duka la kubadilisha pesa sasa hivi, nacheka kwa hasira.

Asubuhi nilinunua dola 100 za safari, ubaoni wanauza 104, nikatoa 10,400 ya pesa yetu. Jioni safari ikafutwa, nikarudi na noti zile zile hata hazijakunjwa, ubao haujabadilika namba hata moja, ila sasa wananihesabia kwa bei yao ya kununua ambayo ni 96, nikapewa 9,600.

800 imeenda hivyo, karibu asilimia 8, na bango kubwa dirishani linasema "hatutozi kamisheni" 😂

Na kweli hawatozi, maana kamisheni yao iko humo humo kati ya 96 na 104. Katikati ni 100, kwa hiyo wamenikata 4 kwa kila dola nikienda na 4 nyingine nikirudi.

Ila kilichoniuma zaidi ni risiti. Sehemu ya ada wameandika 0.00, safi kabisa!

Nyie dola zikibaki mnarudisha au mnaziweka mpaka safari nyingine? Na kuna aliyewahi kukuta duka linalorudisha kwa bei ile ile ukiwa na risiti?